Jinsi ya Kusoma Tiketi ya Ndege Iliyotumwa kwa Simu: Nambari, Herufi, Jengo na Saa

Mkaazi wa kaunti hii anayesafiri kwenda Ughaibuni, iwe ni kwa biashara, kazi, matibabu au kumtembelea jamaa, kwa kawaida hapewi tena tiketi ya karatasi mkononi. Shirika la kimataifa la mashirika ya ndege, IATA, liliacha kutoa karatasi za tiketi kwa mawakala tarehe 1 Juni 2008. Tangu wakati huo tiketi yenyewe hukaa katika kompyuta ya shirika la ndege. Kile ambacho ajenti anakutumia kwa WhatsApp au barua pepe ni maelezo ya safari tu, yaani ukurasa mmoja au miwili inayoeleza kilichohifadhiwa huko.

Ukurasa huo umejaa vifupisho na umeandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo wasafiri wengi huangalia jina lao na tarehe, kisha hufunga simu. Hapo ndipo matatizo huanzia. Yupo anayefika uwanjani siku moja baada ya ndege kuondoka, ilhali tarehe aliyoisoma ilikuwa sahihi. Yupo pia anayefika kaunta na kuambiwa kwamba nafasi yake ilishikiliwa lakini tiketi haikulipiwa kamwe. Wote wawili walikuwa na karatasi yenye jibu. Makala haya yanaeleza sehemu nne za karatasi hiyo ambazo kila msafiri anafaa kuzisoma mwenyewe kabla ya kufunga mzigo.

Tutatumia mfano mmoja. Tuseme mama mfanyabiashara wa Malindi anakwenda Dubai kununua bidhaa na atakaa huko karibu wiki mbili. Ajenti wake amemtumia maelezo haya. Ni mfano wa kubuni, na herufi XX zimewekwa mahali pa msimbo wa shirika la ndege.

```
BOOKING REFERENCE: K7M4QP
E-TICKET NUMBER:   000 2412345678
STATUS:            CONFIRMED
NAME:              SURNAME/FIRSTNAME MS

XX 605   NBO - DXB
DEPARTURE  SUN 15MAR  00:45   TERMINAL 1A
ARRIVAL    SUN 15MAR  06:50   TERMINAL 1
DURATION   05:05
CLASS Q    FARE BASIS QLE3MKE   BAGGAGE 2PC

XX 606   DXB - NBO
DEPARTURE  SAT 28MAR  22:30   TERMINAL 1
ARRIVAL    SUN 29MAR  02:35 +1   TERMINAL 1A
DURATION   05:05
CLASS Q    FARE BASIS QLE3MKE   BAGGAGE 2PC
```

Nambari mbili, kazi mbili

Juu ya ukurasa kuna nambari mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza, `K7M4QP`, ni kumbukumbu ya nafasi. Huwa na herufi na tarakimu sita, na karatasi nyingine huiita `PNR` au `Reservation Code`. Maana yake ni kwamba katika kompyuta kuna faili yenye jina lako na safari unayotaka kufanya. Haimaanishi kwamba umelipiwa.

Ya pili, `000 2412345678`, ndiyo nambari ya tiketi. Ina tarakimu kumi na tatu. Tatu za mwanzo hutambulisha shirika lililotoa tiketi. Kwa mfano, tiketi za Kenya Airways huanza na 706 na za Qatar Airways huanza na 157. Nambari hii hutolewa baada ya nauli kulipwa na tiketi kukatwa. Ndiyo inayothibitisha kwamba pesa zako zimegeuka kuwa tiketi.

Kati ya nambari hizo mbili kuna pengo ambalo walaghai hulitumia. Ajenti anaweza kushikilia nafasi bila kulipa chochote. Kompyuta itampa kumbukumbu ya herufi sita na kuchapisha ukurasa mzuri wenye jina lako, nambari ya ndege, tarehe, na hata neno `CONFIRMED`. Neno hilo linasema tu kwamba kiti kimeshikiliwa. Nafasi ya namna hiyo hupewa muda wa kulipiwa, pengine saa chache au siku chache, na muda ukiisha bila malipo hufutwa yenyewe. Msafiri hubaki na ukurasa usiobadilika katika simu yake, huku nafasi yake haipo tena. Kwa hivyo, ukitumiwa maelezo ya safari yasiyo na nambari ya tarakimu kumi na tatu, bado hujapata tiketi. Mwombe ajenti nambari hiyo kabla ya kumkamilishia malipo, au papo hapo anapopokea malipo.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe bila kumtegemea mtu. Fungua tovuti ya shirika la ndege lenyewe, si ya ajenti, utafute sehemu iliyoandikwa `Manage Booking` au `My Trips`, uandike kumbukumbu ya herufi sita na jina lako la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti. Safari ikijitokeza, angalia kama nambari ya tiketi imo. Isipojitokeza, usikate tamaa mara moja. Baadhi ya mawakala huandika juu ya ukurasa nambari ya ofisi yao, ambayo tovuti ya shirika haiitambui. Tafuta chini kidogo maneno `Airline Reference` au `Airline Locator`, ujaribu hiyo. Ikikosekana pia, lipigie simu shirika lenyewe kwa nambari iliyo kwenye tovuti yake, uwasomee ulichonacho.

Wanaoelekea Ughuba kwa ajira wanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mara nyingi tiketi hukatwa na wakala wa ajira na msafiri huipata siku mbili au moja kabla ya kuondoka. Wakala wa namna hiyo anapaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Hata akiwa amesajiliwa, una haki ya kumwuliza nambari ya tiketi na kuihakikisha.

Jambo la mwisho kuhusu kumbukumbu ya herufi sita ni usiri. Kwa mashirika mengi, mtu mwenye herufi hizo na jina lako la ukoo anaweza kuifungua safari yako, kuona maelezo yako na wakati mwingine kuibadilisha au kuifuta. Usiweke picha ya tiketi kwenye Facebook au kama hali ya WhatsApp. Ukitaka kuwajulisha jamaa, waandikie tarehe, saa na nambari ya ndege. Hayo yanawatosha.

Herufi Q: daraja la nauli na masharti yake

Katika mfano wetu kuna `CLASS Q`. Wengi hudhani herufi hii inaeleza mahali pa kukaa ndani ya ndege. Kwa kiasi fulani ni kweli, lakini kazi yake kubwa ni kueleza bei uliyonunua na masharti yanayofuatana nayo.

Ndani ya ndege abiria huona sehemu mbili au tatu tu za viti, yaani daraja la kawaida, la biashara, na katika ndege chache daraja la kwanza. Kwenye kompyuta, lakini, viti vya daraja la kawaida vimegawanywa katika mafungu mengi na kila fungu lina herufi yake. Kwa desturi `Y` ni nauli kamili ya daraja la kawaida, na `J` au `C` ni daraja la biashara. Herufi nyingine kama `M`, `L`, `Q` au `T` huwa ni mafungu ya nauli iliyopunguzwa, na kila shirika hupanga yake linavyotaka. Usichukue maana ya herufi ya shirika moja ukaipeleka kwa jingine.

Hii ndiyo sababu watu wawili walioketi bega kwa bega, wakala chakula kilekile, wanaweza kuwa wamelipa bei tofauti sana. Mmoja alinunua fungu la bei nafuu mapema na mwingine alikuta fungu hilo limekwisha. Tofauti yao haionekani safari ikienda sawa. Huonekana siku ambayo mmoja wao anataka kubadilisha tarehe.

Masharti yenyewe hayamo katika herufi `Q` pekee. Yamefungwa katika msimbo mrefu unaofuata, `FARE BASIS`, ambao katika mfano wetu ni `QLE3MKE`. Herufi yake ya kwanza kwa kawaida ndiyo lile fungu la nauli, na zinazofuata ni alama za shirika zinazohusu mambo kama msimu, muda wa kukaa na nchi ya kuanzia safari. Huna haja ya kujifunza kuzifumbua. Kinachokuhusu ni kumwuliza ajenti maswali matatu kuhusu msimbo huo, na akujibu kwa maandishi. Je, nikibadilisha tarehe nitatozwa kiasi gani? Je, nikighairi safari nitarudishiwa nini? Na nisipofika uwanjani bila kutoa taarifa, itakuwaje?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Ukikosa ndege ya kwenda bila kulijulisha shirika, mashirika mengi hufuta sehemu zote za safari zilizobaki, pamoja na ndege ya kurudi. Mama wa Malindi akichelewa ndege ya tarehe 15 kisha akanunua tiketi nyingine ya kwenda peke yake, asidhani kwamba kiti cha tarehe 28 kinamngoja. Anatakiwa kulipigia shirika simu kabla ndege ya kwanza haijaondoka, aombe sehemu ya kurudi ihifadhiwe, na aulize gharama yake.

Kando ya daraja la nauli kuna mzigo. `2PC` ni mizigo miwili ya kukabidhi kaunta, na kila mmoja una kikomo chake cha uzito, mara nyingi kilo 23. Tiketi nyingine huandika `30K`, maana yake jumla ya kilo 30. Nauli nafuu zaidi huweza kuandikwa `0PC`, na hapo huna ruhusa ya mzigo wa kukabidhi hata mmoja mpaka uulipie. Mfanyabiashara anayerudi na bidhaa aangalie mstari wa safari ya kurudi pia, asisome wa kwenda pekee.

Jengo gani la abiria?

Neno `TERMINAL` ni jengo la abiria. Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ambao msimbo wake ni `NBO`, una jengo nambari 1 lililogawanywa katika sehemu 1A hadi 1E, na tena kuna jengo nambari 2. Dubai, `DXB`, ina majengo matatu, na jengo la 2 liko upande wa pili wa njia za kurukia ndege. Kutoka huko hadi jengo la 1 ni safari ya gari kuzunguka uwanja. Kumwambia dereva wa teksi “nipeleke uwanja wa ndege” hakutoshi. Mwambie na jengo.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza ni ndege inayouzwa na shirika moja na kurushwa na jingine. Mashirika hushirikiana hivyo, na tiketi huonyesha nambari ya ndege ya aliyekuuzia, kisha kwa herufi ndogo huandikwa `OPERATED BY` na jina la anayerusha. Kaunta utakayokwenda, na mara nyingi jengo pia, ni la yule anayerusha. Soma mstari huo mdogo.

Mtego wa pili ni kwamba jengo hubadilika. Kilichochapishwa siku ya kukata tiketi miezi mitatu iliyopita huenda kimepitwa na wakati kwa sababu shirika limehamishwa. Ifungue safari yako tena kwenye tovuti ya shirika siku moja kabla ya kuondoka, usome jengo na saa upya. Usitafute nambari ya lango la kupandia katika maelezo haya. Lango hupangwa siku yenyewe na huonyeshwa kwenye pasi ya kupandia ndege na katika ubao wa uwanjani.

Saa za tiketi ni saa za mahali

Sasa tufike kwenye saa, ambako ndiko wengi hupotea. Angalia mfano wetu. Kwenda, ndege inaondoka 00:45 na kufika 06:50. Ukihesabu kwa vidole unapata saa sita na dakika tano. Kurudi, inaondoka 22:30 na kufika 02:35, ambazo ni saa nne na dakika tano. Lakini mstari wa `DURATION` unasema safari zote mbili ni saa tano na dakika tano angani. Karatasi haijakosea mahali popote.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji uliotajwa kando yake. Saa 00:45 ni ya Nairobi. Saa 06:50 ni ya Dubai. Dubai iko mbele ya Nairobi kwa saa moja, kwa sababu iko mashariki zaidi na jua huwatangulia. Dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, na kati ya Nairobi na Dubai kuna takriban nyuzi 18 za kwenda mashariki, ndiyo maana nchi hizo mbili zimetofautisha saa zao kwa saa moja. Ndege ikitua 06:50 Dubai, mtoto aliyebaki Malindi akiangalia saa ukutani ataona 05:50. Toa saa hiyo moja ya tofauti katika saa sita na dakika tano za kwenda, uiongeze kwenye saa nne na dakika tano za kurudi, na utapata saa tano na dakika tano pande zote mbili.

Kwa nini basi wasitumie saa moja tu kwa safari nzima? Marubani na waelekezaji wa ndege hufanya hivyo hasa. Wao hutumia saa moja ya dunia inayoitwa UTC, ambayo Kenya iko mbele yake kwa saa tatu. Lakini abiria haishi kwa saa ya rubani. Kaunta ya Dubai hufunguliwa kwa saa ya Dubai, teksi huitwa kwa saa ya Dubai, na jamaa anayekuja kukupokea anaangalia saa ya Dubai. Tiketi ingeandikwa kwa saa ya Kenya, ungefika uwanja wa Dubai siku ya kurudi na kukuta saa zote za ukutani zinapingana na karatasi yako. Kwa hivyo kanuni ni moja na haina upekee: ukiwa katika mji, fuata saa iliyoandikwa kando ya mji huo, usiongeze wala usipunguze chochote.

Kosa hutokea pale mtu anapojua kwamba kuna tofauti ya saa na kujaribu “kusahihisha” tiketi. Mama wetu akisoma 22:30 akidhani ni saa ya Kenya, ataibadilisha kuwa 23:30 ya Dubai na kuchelewa kwa saa nzima. Pia achunguze simu yake. Simu nyingi hujirekebisha zenyewe zikipata mtandao wa nchi mpya, lakini saa ya mkononi haijirekebishi.

Si kila nchi ya Ughuba inatofautiana nasi. Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain zina saa sawa na ya Kenya. Falme za Kiarabu na Oman ziko mbele kwa saa moja. Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, nasi hatusogezi.

Kutoka saa ya tiketi hadi saa ya Kiswahili

Tiketi hutumia saa ishirini na nne na huanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi huhesabu kuanzia alfajiri na kuanzia magharibi. Anayemsomea mama yake tiketi kwa simu huifasiri akilini, na hapo makosa huzaliwa. Njia ya kufasiri ni hii. Kuanzia 07:00 hadi saa ya 18, toa sita: 14:00 ni saa nane mchana. Kuanzia saa ya 19 hadi ya 23, toa kumi na nane: 22:30 ni saa nne na nusu usiku. Kuanzia 00:00 hadi saa ya 6, ongeza sita: 00:45 ni saa sita na dakika arobaini na tano usiku, na 06:50 ni saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi.

Ukimwandikia mtu ujumbe, andika saa kama ilivyo kwenye tiketi, 22:30, kisha uongeze “usiku” au “asubuhi”. Ujumbe unaosema “ndege ni saa nne” huweza kusomwa kwa njia mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na tofauti yake ni saa sita.

Usiku wa kuamkia Jumapili

Kuna jambo moja la mwisho, na ndilo linalokosesha watu ndege kuliko yote tuliyoeleza. Ndege ya mama wa Malindi inaondoka Jumapili tarehe 15 saa 00:45. Tarehe 15 inaanza saa 00:00, yaani saa sita ya usiku wa Jumamosi. Dakika arobaini na tano tu baadaye, ndege inaondoka. Kwa hivyo safari ya “Jumapili tarehe 15” hufanywa, kwa maana ya kulala na kuamka, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Jua la Jumapili litakapochomoza Malindi, ndege itakuwa inakaribia kutua au imeshatua Dubai.

Sasa fuatana naye kurudi nyuma. Ndege inaondoka 00:45. Mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla, hivyo 23:45 ya Jumamosi tarehe 14 ndiyo mwisho wa kupokewa. Kwa safari za kimataifa wasafiri huombwa kufika saa tatu kabla, yaani 21:45, au saa tatu na dakika arobaini na tano usiku, Jumamosi. Kabla ya hapo kuna ukaguzi wa magari na abiria kwenye lango la uwanja na foleni za barabarani. Afadhali awe Nairobi mjini kufikia alasiri ya Jumamosi.

Mabasi mengi ya kutoka Malindi kwenda Nairobi husafiri usiku kucha. Akisoma tarehe 15 na kupanda basi la Jumamosi usiku ili “awe Nairobi asubuhi ya tarehe 15”, ndege itamwacha akiwa bado njiani. Basi analopaswa kupanda ni la Ijumaa tarehe 13 usiku, linalomfikisha Nairobi asubuhi ya tarehe 14. Tofauti ya usiku mmoja ndiyo tofauti ya kusafiri na kupoteza nauli.

Kanuni rahisi ni hii: ukiona saa ya kuondoka inaanza na 00, 01, 02 au 03, andika kwa kalamu kando yake tarehe ya siku iliyotangulia, na useme hiyo ndiyo siku ya kwenda uwanjani. Ukiwaeleza wazee nyumbani, sema “usiku wa kuamkia Jumapili”. Usiseme “usiku wa Jumapili”, kwa sababu kwa wengine huo ni usiku unaotangulia Jumapili na kwa wengine ni usiku unaoifuata.

Kurudi kuna tahadhari hiyohiyo kwa anayekuja kumpokea. Alama `+1` kando ya 02:35 inasema ndege inatua siku moja baada ya tarehe iliyoondoka. Mama anaondoka Dubai Jumamosi tarehe 28 usiku na kutua Nairobi saa nane na dakika thelathini na tano, usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 29. Mwanawe anayemfuata kwa gari asije Jumamosi saa nane mchana, na wala asije usiku wa Jumapili.

Unapopokea tiketi, basi, kaa na ajenti wako au piga simu mkiwa nayo mbele yenu, mkamilishe mambo manne. Tafuteni nambari ya tarakimu kumi na tatu. Aandike masharti ya kubadilisha, kughairi na kutofika. Someni jengo na jina la shirika linalorusha ndege. Kisha mtaje kwa sauti siku na saa ya kuwa uwanjani, kwa saa ya Kiswahili na kwa jina la siku. Mkitofautiana katika hilo la mwisho, msiachane mpaka mmekubaliana.